Kati ya Tatu na Nne: Kujibu Swali la Kaunta Bila Kuacha Alama Mezani

Ipo kaunta ya kielektroniki ambayo, ukiitaka itoke tatu iende nne, hupitia kwanza mbili, halafu sifuri, ndipo ifike nne. Haijaharibika wala haijafungwa vibaya. Imeundwa hivyo, na imeuzwa hivyo kwa miaka mingi ndani ya chipu za bei nafuu. Safari hiyo ya mchepuko huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, kiasi kwamba taa zikiwashwa kwenye milango yake macho ya mtu hayaoni kitu. Lakini saketi iliyounganishwa mbele yake huona.

Mchepuko huo ndio jibu la swali ambalo halikosekani katika mitihani ya elektroniki ya dijitali vyuoni: linganisha kaunta ya sinkronasi na kaunta ya asinkronasi, na uchore mchoro wa muda wa kaunta ya biti tatu inayohesabu kwenda juu. Wanafunzi wengi hulijibu kwa namna moja. Wanaandika maana ya kila aina, wanapiga jedwali la safu mbili lenye maneno “haraka” na “polepole”, wanachora mawimbi manne safi, wanapigia mstari, wanageuza ukurasa. Tatizo ni kwamba mawimbi manne safi yanafanana kabisa kwa kaunta zote mbili. Aliyechora hayo peke yake hajalinganisha chochote, kwa sababu tofauti imejificha ndani ya ule mstari wa wima unaochorwa kwa rula.

Tuanze na kitu ambacho kaunta zote mbili zimejengwa nacho. Flipuflopu ni saketi ndogo ya kumbukumbu inayoshika thamani moja kati ya mbili, 0 au 1, na kuendelea kuishika mpaka iamriwe kubadilika. Waingereza William Eccles na Frank Jordan waliomba hataza ya saketi ya namna hiyo mwaka 1918, wakitumia valvu mbili zilizofungwa kila moja ikimzuia mwenzake. Leo iko ndani ya chipu, na aina inayotumika sana kufundishia ni ile ya J-K. Ina milango miwili ya maagizo, J na K, mlango wa kloki unaopokea mapigo, na mlango wa kutokea unaoitwa Q. Ukiweka J na K zote kwenye 1, flipuflopu hugeuka kila mpigo unapofika: ikiwa 0 inakuwa 1, ikiwa 1 inakuwa 0. Kwa kaunta, kugeuka huko ndiko kunakotakiwa.

Neno “mpigo unapofika” linahitaji kukazwa, maana hapa ndipo michoro mingi huanza kupinda. Mpigo una kingo mbili, wa kupanda kutoka 0 kwenda 1 na wa kushuka kutoka 1 kwenda 0. Flipuflopu hujali ukingo mmoja tu. Ile yenye kiduara kidogo kwenye mlango wa kloki huitikia ukingo wa kushuka. Isiyo na kiduara huitikia ukingo wa kupanda. Kiduara kile si pambo. Ukikichora kwenye saketi halafu mawimbi yako yakageuka kwenye ukingo wa kupanda, msahihishaji anaona michoro miwili inayokanushana, na hana njia ya kujua upi ndio ulioukusudia.

Sasa tuchukue flipuflopu tatu za ukingo wa kushuka, J na K za kila moja zikiwa kwenye 1. Mapigo ya kloki yanaingia kwenye ya kwanza peke yake, ambayo mlango wake tunauita Q0. Q0 inafungwa kwenye mlango wa kloki wa flipuflopu ya pili, na Q1 inayotoka hapo inafungwa kwenye kloki ya ya tatu, inayotoa Q2. Hii ndiyo kaunta ya asinkronasi. Kama katika mbio za kupokezana vijiti, wa pili haondoki mpaka wa kwanza amfikie, na wa tatu hana habari ya kloki yenyewe: anachokijua ni yule aliye nyuma yake. Nitaiita kaunta ya kupokezana.

Kwa kuwa Q0 inageuka kila kloki inaposhuka, mawimbi yake yana kasi ya nusu ya kloki. Q1 inageuka kila Q0 inaposhuka, kwa hiyo kasi yake ni robo. Q2 inageuka kila Q1 inaposhuka, nayo inabaki na sehemu moja ya nane. Ukisoma Q2, Q1 na Q0 kwa mpangilio huo unapata namba za mfumo wa mbili kutoka 000 hadi 111, yaani sifuri hadi saba, kisha zinaanza upya. Mchoro wa muda unakuwa hivi:

```
CLK   __‾‾__‾‾__‾‾__‾‾__‾‾__‾‾__‾‾__‾‾__
Q0    ____‾‾‾‾____‾‾‾‾____‾‾‾‾____‾‾‾‾__
Q1    ________‾‾‾‾‾‾‾‾________‾‾‾‾‾‾‾‾__
Q2    ________________‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾__
NAMBA 0   1   2   3   4   5   6   7   0
```

Usomaji wake ni wa kutoka juu kwenda chini. Simama popote pale kloki inaposhuka, teremka mpaka kwenye Q0, utaiona ikigeuka. Endapo Q0 imeshuka, teremka tena kwenye Q1. Endapo Q0 imepanda, Q1 haina sababu ya kujitikisa. Ukimaliza mapigo nane bila Q2 kurudi sifuri, kuna mahali ulipoteleza, na mara nyingi ni pale Q1 ilipogeuzwa kwenye upande usio wake.

Kuna mtego mwingine mdogo. Kwenye mchoro wa saketi Q0 huwa kushoto, kwa sababu kloki huingilia kushoto. Kwenye namba, Q0 ndiyo biti ndogo kabisa na hukaa kulia. Mwanafunzi anayesoma saketi yake kutoka kushoto kwenda kulia ataandika namba ya baada ya mpigo wa kwanza kuwa 100, yaani nne, na kila kitu kitakachofuata kitakuwa kinyume. Andika Q2Q1Q0 juu ya jedwali lako kabla hujaandika tarakimu ya kwanza.

Mpaka hapa hatujalinganisha kitu. Mchoro ule unadai kwamba Q0, Q1 na Q2 hugeuka papo hapo kloki inaposhuka, na hilo si kweli kwa flipuflopu yoyote iliyowahi kutengenezwa. Kila moja huchukua muda kati ya kupokea ukingo na kuonyesha jibu kwenye Q. Muda huo wa kuchelewa hutegemea aina ya chipu, volteji na joto. Kwa hesabu zetu tuuweke nanosekunde 20, kiasi kilicho karibu na uhalisia wa chipu za kawaida za dijitali, na nanosekunde moja ikiwa ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja.

Twende kwenye hatua ya tatu kwenda nne, kwa sababu hapo biti zote tatu zinalazimika kubadilika: 011 inatakiwa iwe 100. Kloki inashuka. Kwa nanosekunde 20 hakuna kinachoonekana, kaunta bado inasema tatu. Kisha Q0 inashuka, na milango inasomeka 010, ambayo ni mbili. Flipuflopu ya pili sasa ndiyo kwanza imepata ukingo wake, nayo inachelewa nanosekunde 20 zake. Q1 inashuka, milango inasomeka 000, sifuri. Ya tatu inachelewa 20 nyingine, Q2 inapanda, na hatimaye tunasoma 100. Zimepita nanosekunde 60 tangu kloki iliposhuka. Katika muda huo kaunta imetangaza mbili kwa nanosekunde 20 na sifuri kwa nanosekunde 20, ingawa hakuna mpigo wowote uliohusika na namba hizo.

Huu ndio mchoro wa pili ambao jibu zuri halina budi kuwa nao. Ni kipande kile kile cha mchoro wa kwanza, ila kimekuzwa. Kila herufi moja ni nanosekunde 5:

```
CLK   ‾‾‾‾____________________
Q0    ‾‾‾‾‾‾‾‾________________
Q1    ‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾‾____________
Q2    ________________‾‾‾‾‾‾‾‾
NAMBA 3       2   0   4
```

Namba hizo za katikati nitaziita mizuka. Zina tabia inayotabirika, na anayeijua hahitaji kukariri. Hatua inayotoka namba shufwa kwenda witiri, kama sifuri kwenda moja au nne kwenda tano, hubadilisha Q0 peke yake, kwa hiyo haina mzuka. Mizuka hutokea pale namba inapotoka witiri kwenda shufwa. Moja kwenda mbili hupitia sifuri. Tatu kwenda nne hupitia mbili na sifuri. Tano kwenda sita hupitia nne. Saba kurudi sifuri hupitia sita na nne. Ukiangalia vizuri utaona kila mzuka ni shufwa, kwa kuwa Q0 imekwisha kushuka kabla ya mwingine yeyote kujua, na kila mzuka ni mdogo kuliko namba iliyotoka, kwa kuwa biti za chini zinafutwa kwanza kabla ya biti ya juu kuwashwa. Kaunta ya kupokezana inayohesabu kwenda juu ikikosea, hukosea kwa kurudi nyuma.

Ubaya wake unaonekana mtu anapounganisha kisimbuzi. Hapa simaanishi kile cha televisheni, bali saketi ya mageti inayotazama Q2, Q1 na Q0 na kutoa 1 pale tu inapoiona namba fulani. Tuseme fundi anataka kuhesabu mizunguko: kila kaunta inapofika sifuri, kisimbuzi kitoe mpigo mmoja, na mpigo huo uingie kwenye kaunta ya pili. Kwenye karatasi, mapigo nane ya kloki yanatoa mpigo mmoja wa sifuri. Kwenye meza ya kazi kuna sifuri ya kweli ya baada ya saba, kuna sifuri mzuka kati ya moja na mbili, na kuna sifuri mzuka kati ya tatu na nne. Mzunguko mmoja unaweza kuhesabiwa kuwa mitatu.

Nasema “unaweza” kwa makusudi. Mpigo wa nanosekunde 20 uko mpakani mwa kile ambacho flipuflopu nyingi za kawaida zinaweza kukipokea. Leo kaunta ya pili itaumeza, kesho chumba kikipata joto au chipu ikibadilishwa itaukosa. Matokeo yake ni chombo kinachozidisha hesabu, lakini si kwa kiwango kile kile kila mara, na fundi huanza kulaumu nyaya, soketi na umeme. Wengine hupunguza kasi ya kloki wakidhani kaunta inakimbizwa mno. Hilo halisaidii hata kidogo, kwa sababu urefu wa mzuka unatokana na flipuflopu na si kloki. Kloki ya mpigo mmoja kwa sekunde huzaa mizuka ile ile yenye nanosekunde 20 zile zile, ila inaizaa mara chache zaidi.

Njia ya kuitambua ni kuweka osiloskopu kwenye mlango wa kisimbuzi, si kwenye Q0 wala Q1, na kuiamuru ianze kuchora kwenye ukingo wa kupanda wa mlango huo. Mpigo mpana utaonekana kwanza. Ukiusogeza muda wa skrini kwenye nanosekunde chache kwa kila mraba, vijisindano vyembamba vinajitokeza. Fundi asiye na osiloskopu ana dalili moja: taa zinahesabu sawa kabisa, lakini kitu kinachoendeshwa na kisimbuzi kinahesabu zaidi.

Dawa ya bei rahisi ni kukinyima kisimbuzi ruhusa ya kusema wakati kaunta bado inatulia. Kaunta yetu inageuka kloki inaposhuka, kwa hiyo fujo zote hutokea kloki ikiwa chini. Ongeza kloki yenyewe kama sharti la kisimbuzi, ili kitoe 1 pale tu namba inapolingana na kloki iko juu. Ikiwa kloki hukaa chini kwa nanosekunde 100, fujo ya nanosekunde 60 imeshaisha kabla mlango haujafunguliwa. Kloki ikikaa chini kwa chini ya nanosekunde 60, dawa hii inakwisha nguvu.

Dawa ya kudumu ni kaunta ya sinkronasi. Hapa kloki inafungwa moja kwa moja kwenye flipuflopu zote tatu, na zote hupata ukingo ule ule kwa wakati ule ule. Lakini zikigeuka zote kila mara hatutapata hesabu, tutapata 000 na 111 zikipishana. Kwa hiyo kila flipuflopu inahitaji kuambiwa mapema, kabla ukingo haujafika, kama zamu hii inamhusu au haimhusu.

Agizo hilo halihitaji hesabu ngumu. Linasomwa kwenye jedwali la namba. Q0 hugeuka kila mara. Q1 hugeuka tunapotoka moja, tatu, tano na saba, yaani kila pale Q0 ni 1. Q2 hugeuka tunapotoka tatu na saba tu, yaani pale Q0 na Q1 zote ni 1. Kwa hiyo maagizo ni haya:

```
J0 = K0 = 1
J1 = K1 = Q0
J2 = K2 = Q0 · Q1
```

Nukta ile ni geti moja la NA, linalotoa 1 pale tu milango yake yote miwili ni 1. Saketi nzima imeongezeka geti moja na nyaya mbili za kloki. Hiyo ndiyo gharama yake kwa biti tatu, na ni vizuri kuitaja hivyo badala ya kuandika “ni tata zaidi” na kuishia hapo.

Rudi kwenye tatu kwenda nne. Kabla ya ukingo, Q0 na Q1 ni 1, geti linatoa 1, na flipuflopu zote tatu zimeagizwa zigeuke. Kloki inashuka. Nanosekunde 20 baadaye Q0 inashuka, Q1 inashuka na Q2 inapanda, zote kwa pamoja. Milango imetoka 011 ikaenda 100. Hapa mwanafunzi makini huuliza: Q0 ikishabadilika, agizo la Q1 nalo si limebadilika? Limebadilika, ila limechelewa. Flipuflopu huyasoma maagizo yake kwenye ukingo, na ukingo ulipita nanosekunde 20 zilizopita. Agizo jipya litasubiri ukingo unaofuata. Anayeweza kueleza jambo hilo kwa sentensi mbili ameonyesha kuwa anaielewa kaunta ya sinkronasi, na mimi ningempa alama kabla ya yule aliyechora geti bila kulieleza.

Mchoro wa muda wa kaunta hii ni ule ule wa kwanza, mstari kwa mstari. Tofauti iko kwenye mchoro uliokuzwa, ambapo Q0, Q1 na Q2 zinageuka kwenye mstari mmoja wa wima, nanosekunde 20 baada ya kloki. Wengi huandika kwamba hapo hakuna mizuka kabisa. Tahadhari kidogo inafaa. Flipuflopu mbili hazifanani kama mapacha. Moja inaweza kuwa na nanosekunde 18 na nyenziye 21, na waya wa kloki unaweza kumfikia mmoja mapema kidogo. Kisindano cha nanosekunde mbili au tatu bado kinaweza kuchungulia kwenye kisimbuzi. Kilichobadilika ni kwamba mizuka haijumlishwi tena kutoka flipuflopu moja kwenda nyingine, na kwa kawaida inakuwa mifupi mno kumsumbua yeyote.

Baada ya hapo hesabu ya kasi inajileta yenyewe. Kaunta ya kupokezana ya biti tatu inahitaji nanosekunde 60 ili itulie, hivyo mapigo hayawezi kukaribiana zaidi ya hapo kama tunataka kusoma kila namba kwa usahihi. Kasi ya juu ni moja gawanya kwa nanosekunde 60, karibu megahezi 16.7. Ya sinkronasi inahitaji nanosekunde 20 za flipuflopu, halafu geti la NA lipate muda wa kutoa agizo jipya, tuseme 10, halafu agizo likae tayari kidogo kabla ya ukingo, tuseme 10 nyingine. Jumla ni 40, na kasi ni megahezi 25.

Kwa biti tatu pengo hilo si la kutisha. Ongeza biti mpaka kumi na mbili, kama zilizomo kwenye chipu ya `CD4040`, ambayo ni ya kupokezana. Kwa nanosekunde zetu 20, kutulia kunakuwa nanosekunde 240 na kasi inashuka hadi megahezi 4.2 hivi. Ya sinkronasi yenye biti kumi na mbili inaweza kubaki karibu na pale pale, mradi maagizo yanatengenezwa na mageti mapana yanayosoma biti zote za chini kwa mara moja. Mageti hayo yakifungwa moja nyuma ya jingine ili kuokoa nafasi, kila moja linaongeza nanosekunde zake 10, na kupokezana kunarudi kwa mlango wa nyuma.

Kikomo hicho cha kaunta ya kupokezana huelezwa vibaya mara nyingi. Ikiendeshwa kwa kasi kuliko megahezi 16.7 haipotezi mapigo. Flipuflopu ya kwanza inaweza kuendelea kugeuka sawasawa, na ya pili nyuma yake, na kloki ikisimama namba iliyobaki ni sahihi. Kinachopotea ni wakati wa kuisoma ikiwa njiani: hakuna tena uhakika kwamba, kabla mpigo unaofuata haujafika, milango yote mitatu itakuwa inaonyesha namba moja ya kweli kwa pamoja.

Majina ya chipu pia hupotosha. `74LS93` ni ya biti nne ya kupokezana, na `74LS161` na `74LS163` ni za biti nne za sinkronasi. Lakini ukisoma maelezo ya `74LS161` utakuta imeandikwa kwamba ufutaji wake ni wa asinkronasi. Maana yake ni kwamba mguu wa kufuta unairudisha sifuri saa hiyo hiyo bila kusubiri kloki. Kuhesabu kwenyewe bado ni kwa kloki moja. `74LS163` hata kufuta husubiri ukingo. Kinachoamua aina ya kaunta ni nani anayepeleka mapigo kwenye milango ya kloki, basi.

Na kwa wale wanaofanya vitendo na chipu za aina ya D, kama `74HC74`, ambazo huitikia ukingo wa kupanda: ukifunga Q ya kila moja kwenye kloki ya inayofuata, kama tulivyofanya hapo juu, utaona taa zikihesabu kutoka saba kwenda sita kwenda tano. Chipu haina kosa. Kwa kaunta ya kwenda juu, chukua kinyume cha Q kama kloki ya inayofuata, kwa sababu Q inaposhuka kinyume chake hupanda.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi kaunta ya kupokezana haijatupwa. Mwaka 1932, katika maabara ya Cavendish, Cambridge, Mwelshi aitwaye Charles Eryl Wynn-Williams alifunga jozi za valvu za gesi ziitwazo thairatroni, kila jozi ikigawa mapigo kwa mbili na kumpa nusu mwenzake. Alikuwa anahesabu chembe za mionzi zilizokuja kwa kasi ambayo kihesabio cha mashine, chenye meno na magurudumu, hakikuweza kuifuata. Hakuhitaji kusoma namba za katikati. Alihitaji kuyapunguza mapigo mpaka mashine iweze kuyapokea, na kwa kazi hiyo mzuka hauna madhara.

Saa ya mkononi ya kwatzi hufanya jambo hilo hilo. Fuwele yake hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na namba hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi na tano. Flipuflopu kumi na tano kwa mstari zinaigawa mpaka ibaki mpigo mmoja kwa sekunde, na ni ule wa mwisho tu unaotazamwa na mtu. Zikifungwa kwa kupokezana, ya kwanza inapokea mapigo 32,768, ya pili nusu yake, ya tatu robo, na jumla ya mapigo yote yanayofika kwenye milango ya kloki haifiki 65,536 kwa sekunde. Zikifungwa kwa sinkronasi, kila moja ya kumi na tano inapokea mapigo yote, na jumla inakuwa 491,520. Kila mpigo unaofika kwenye mlango wa kloki unakula chaji kidogo, na betri ya saa ni ndogo kama kifungo cha shati.